Kichwa cha pombe kilikuja saa nne asubuhi, si saa kumi na mbili. Juu ya nini?

Leki_wa_Katuba — Jumapili, saa 3:10 usiku

Ba yaya na ba mama, jambo yenu. Niko na swali, na ninaomba jibu la mutu mwenye anajua, si wa kunichekelea tu.

Ijumaa mutoto wa yaya yangu alipata Diploma ya Serikali. Munajua vile inakuwaga hapa Lushi: poda nyeupe kichwani, nyimbo barabarani, kisha viti vinatolewa inje. Nilianza kunywa saa moja ya usiku, nikaacha saa sita. Bia kubwa ine, zile za kawaida za asilimia 5, hakuna kingine. Mbele ya kulala nikameza parasetamoli mbili za 500, juu rafiki alinihakikishia kama ukimeza mbele, kichwa hakikuji.

Saa kumi na mbili nikaamuka muzima. Hakuna kichwa, hakuna kichefuchefu, nilikuwa hata na furaha. Nikapanda pikipiki mpaka kazini, niko kwenye depo ya simenti. Sasa ilipofika saa nne, kichwa kikaanza hapa kwenye panda la uso, kama mutu anapiga bati na nyundo. Nikakunywa maji lita moja na nusu, kiu ikaisha, kichwa kikabaki. Kiliniachia saa nane.

Swali: kama ni pombe, juu ya nini haikunishika asubuhi? Hii ni pombe, ao ni vumbi ya simenti?

Papa_Kilauri — saa 3:24 usiku

Mutoto, hiyo si simenti. Ulipaswa kutoa. Bia moja tu, saa nne ileile, kichwa kinaondoka mbele umalize chupa. Sisi tunafanya hivyo tangu enzi za kazi ya mugodi, na tuko wazima.

Fundi_Serumu — saa 3:31 usiku

Ni maji. Pombe inakausha ubongo, ubongo unavuta ngozi yake, ndiyo maumivu. Ulikunywa maji kuchelewa. Mimi nikizidisha ninaenda kwenye dispansere ya karibu na nyumba, ninatiwa serumu moja, ndani ya saa mbili ninatoka kama kijana. Fanya hivyo.

Mama_Sombe — saa 3:40 usiku

Na hakuna mwenye ameuliza kama alikula. Leki, ulikula nini Ijumaa? Ukisema karanga, mimi ninafunga mulango.

Leki_wa_Katuba — saa 3:44 usiku

Mama, karanga na vipande viwili vya nyama ya mbuzi. Samahani.

Yaya_wa_Golf — saa 4:02 usiku

Mimi ni vilevile! Glasi moja ya divai nyekundu, hata nusu saa haijapita, kichwa upande mmoja, mwangaza unaniumiza, ninalala gizani. Daktari mmoja aliniambia niache chokoleti. Leki, acha chokoleti.

Munganga_wa_Zamu — saa 5:15 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, nitajibu polepole.

Leki, wewe mwenyewe umeandika jibu bila kulijua. Unauliza juu ya nini kichwa hakikuja saa kumi na mbili. Ni kwa sababu saa kumi na mbili ulikuwa bado umelewa.

Tuhesabu. Bia kubwa ya asilimia 5 ina gramu 28 hivi za pombe yenyewe. Ini la mwanaume wa kilo sabini hivi linachoma kama gramu 7 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja kubwa inalipa ini kazi ya masaa manne, na ini halina haraka: kahawa, kuoga maji baridi, kukimbia, hakuna kinacholisukuma. Chupa nne ni masaa kumi na sita. Ulianza saa moja ya usiku, kwa hiyo damu yako ilikuwa safi karibu saa tano asubuhi. Saa kumi na mbili ulipojisikia muzima, ini lilikuwa limefanya kazi masaa kumi na moja tu. Ndani yako mulikuwa mumebaki zaidi ya chupa moja nzima. Ile furaha uliyokuwa nayo ndiyo hiyo chupa.

Kichwa cha pombe hakiji wakati pombe iko juu. Kinakuja inaposhuka kuelekea sifuri, na kinakuwa kikali zaidi pale inapomalizika. Saa nne mpaka saa tano, sawasawa na saa yako. Simenti haina kesi.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Kuna mtu ini lake linachoma gramu 5, mwingine 10. Mwanamke wa kilo hamsini na tano atachukua muda mrefu zaidi kwa chupa zilezile. Lakini inatosha kukuonyesha kwamba Jumamosi uliendesha pikipiki ukiwa mlevi, na hukujua.

Leki_wa_Katuba — saa 5:22 usiku

Weee. Nilibeba hata mutu nyuma.

Fundi_Serumu — saa 5:30 usiku

Munganga, hesabu ni nzuri lakini umeruka maji. Kila mutu anajua kama pombe inakojolesha.

Munganga_wa_Zamu — saa 5:48 usiku

Sikuruka, nilikuwa ninakuja. Uko na nusu ya ukweli. Pombe inazima ile homoni inayoambia figo zirudishe maji mwilini, ndiyo maana unakojoa kuliko ulivyokunywa. Kutoka hapo inakuja kiu, midomo mikavu, kizunguzungu ukisimama haraka. Maji yanatibu hivyo vyote.

Lakini soma tena maneno ya Leki: lita moja na nusu, kiu ikaisha, kichwa kikabaki. Kama kichwa kingekuwa ukavu peke yake, kingeondoka na kiu. Sehemu kubwa ya kile kichwa ni mwili kuwaka kwa ndani, karibu na vile unavyojisikia ukianza mafua: viungo vizito, hamu ya kula hakuna, akili imelala. Ongeza usingizi mbaya. Pombe inakulaza haraka, kisha saa tisa za usiku inakuamusha-amusha, hata kama hukumbuki. Umelala masaa sita, umepumzika matatu.

Sasa serumu. Ndani ya ile chupa ya lita moja, mara nyingi muna maji na gramu tisa za chumvi. Basi. Mutu asiyetapika anapata vilevile kwa mdomo: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Wewe unatoka pale mzima kwa sababu umelala masaa mawili kitandani bila simu, na pombe imeendelea kushuka. Unalipa sindano, unaponywa na kitanda.

Fundi_Serumu — saa 5:55 usiku

Kitanda cha pale ni kigumu kweli. Lakini serumu ile wanatia na vitamini ya rangi ya njano. Hiyo je?

Munganga_wa_Zamu — saa 6:01 usiku

Inafanya mukojo kuwa wa njano. Kwa kichwa, sijaona.

Papa_Kilauri — saa 6:10 usiku

Munasema sana. Mimi ninauliza kitu kimoja: kutoa kunaondoa kichwa ao hakuondoi? Usinidanganye, Munganga, mimi nimejaribu miaka makumi tatu.

Munganga_wa_Zamu — saa 6:25 usiku

Papa, kwa heshima yote, kunaondoa. Sikatai kile umeona na kichwa chako mwenyewe.

Lakini angalia kinafanya kazi namna gani. Kichwa kinakuja pombe ikikaribia kuisha. Ukiongeza chupa saa nne, pombe haiishi tena saa tano, inaisha saa tisa ya alasiri ao zaidi. Kichwa hakikufutwa, kimesukumwa masaa manne mbele, na kinakungoja. Kikija unatoa tena. Mutu akifika pale pa kutetemeka mikono asubuhi mpaka apate moja, hiyo si hangova tena. Huyo hata asikatishe pombe ghafla peke yake nyumbani, anaweza kupata kifafa. Aje lopitali, tumsaidie kushuka pole pole.

Kuna na maelezo mengine ambayo wataalamu bado wanabishana juu yake. Pombe nyingi zina chembe ya methanoli, ndugu mbaya wa pombe tunayokunywa. Ini linapendelea kuchoma pombe ya kawaida kwanza. Ikiisha, linaanza methanoli, na inatoa sumu. Ukitoa, unalipa ini kazi ya kwanza tena, na methanoli inakaa bila kuguswa. Kwa bia ile chembe ni ndogo sana, sidhani kama inaeleza kichwa cha Leki. Kwa vinywaji vyeusi vya kali inaweza kuwa na sehemu yake.

Mama_Sombe — saa 12:40 asubuhi

Nimeamuka nimekuta mumeandika mpaka usiku. Hiyo ya vinywaji vyeusi ninaijua kwa macho. Wateja wangu wa wiski ya rangi wanakuja asubuhi wamekunja uso kuliko wa bia.

Mimi ninawapa supu ya samaki na pilipili, bukari kidogo. Wanaamuka. Munganga, na supu utaiharibu?

Munganga_wa_Zamu — saa 1:15 asubuhi

Supu siigusi, Mama. Muna maji, muna chumvi, na bukari inarudisha sukari kwenye damu, juu ini likiwa bize na pombe linasahau kutoa sukari. Ndiyo sababu mikono inakosa nguvu. Pilipili inatoa jasho na machozi, mutu anafikiri anatoka pombe. Kwa jasho na pumzi inatoka kidogo sana, karibu yote inapita kwenye ini.

Na chakula kinasaidia zaidi kikiwa mbele. Leki angekula bukari na sombe yenye mafuta saa kumi na mbili jioni, pombe ingeingia polepole, isingepanda juu vile. Mafuta ya mawese peke yake kijiko kimoja, vile wengine wanafanya, ni kuhara tu.

Juu ya rangi uko sawa kwa sehemu. Watafiti walipima wiski ya mahindi ya Amerika na vodka, kiasi kilekile cha pombe, na wa wiski waliamuka vibaya zaidi. Lakini rangi yenyewe inaweza kuwa sukari iliyounguzwa tu, hivyo usihukumu kwa jicho. Na kile watu wanasema kwamba usianze na bia ukamaliza na divai, ao kinyume chake, walikijaribu Ujerumani, matokeo yakatoka 2019, watu 90. Mpangilio haukubadilisha kitu. Kilichotabiri asubuhi mbaya ni mutu alivyojisikia amelewa na kama alitapika.

Leki_wa_Katuba — saa 1:30 asubuhi

Sawa, nimekubali ya masaa. Lakini parasetamoli? Nilimeza mbele kama kinga.

Munganga_wa_Zamu — saa 1:52 asubuhi

Ulimeza saa sita ya usiku. Nguvu yake ni masaa manne mpaka sita. Saa nne asubuhi kilipokuja kichwa, dawa ilikuwa imeshaenda zamani. Ni kama kufungua mwavuli usiku juu mvua itanyesha kesho.

Na saa ile ndiyo mbaya ya kuimeza. Parasetamoli inapita kwenye ini, na sehemu yake ndogo inageuka sumu ambayo ini linaizima na akiba yake. Mutu anayekunywa kila siku, ao asiyekula, akiba hiyo ni kidogo. Vidonge viwili mara moja kwa kijana mzima havitakuua, usiogope. Lakini mutu wa kila siku asipite vidonge vinne vya 500 kwa masaa ishirini na nne, na bora aulize kwanza.

Kwa kichwa cha saa nne, mimi ningesema ibuprofeni 400 moja, baada ya kula, na maji. Inagusa ule moto wa ndani niliosema. Si kwa mutu mwenye kidonda cha tumbo, wala figo mbovu, wala anayetapika. Na si juu ya tumbo tupu ambalo pombe imelikwaruza usiku kucha.

Papa_Kilauri — saa 2:05 asubuhi

Indosid inashinda hizo zote. Mbili, kichwa kinatoroka.

Munganga_wa_Zamu — saa 2:11 asubuhi

Papa, indosid ndiyo inanipa kazi Jumatatu. Inashinda kichwa kweli, kisha tumbo linatoa damu. Ukiona choo cheusi kama lami, kinanata, ukuje. Usingoje kesho.

Yaya_wa_Golf — saa 2:30 asubuhi

Na mimi? Hakuna mwenye amenijibu. Glasi moja tu.

Munganga_wa_Zamu — saa 2:44 asubuhi

Samahani, Yaya. Yako ni kitu kingine. Cha Leki kinakuja pombe ikitoka, chako kinakuja ikiingia, upande mmoja, na mwangaza unaumiza. Hiyo inafanana na kipandauso ambacho divai inakiamusha. Andika kwa mwezi mmoja: siku gani, ulikunywa nini, ulikula nini, hedhi ilikuwa lini. Kisha mupelekee daktari karatasi hiyo. Chokoleti mimi singeianza nayo.

Mwana_Ruashi — saa 4:20 asubuhi

Ndugu, samahani kuingia. Yaya yangu alikunywa lutuku jana mchana kwenye matanga. Jioni alikuwa kawaida ya mulevi, akalala. Leo anasema kichwa, tumbo linamuuma, na anaona kama ukungu, kama mutu amemwaga maziwa mbele ya macho. Tulimupa maji na ndimu. Ni hangova ya nguvu?

Munganga_wa_Zamu — saa 4:23 asubuhi

Hapana. Macho si hangova. Mupeleke lopitali kubwa SASA, si dispansere. Ukifika mulangoni sema maneno haya: "alikunywa lutuku jana, haoni vizuri, tunaogopa methanoli." Nani mwingine alikunywa kwenye dumu lile? Wapelekwe na wao, hata kama wanajisikia wazima. Methanoli inangoja masaa kumi na mbili, mara nyingine siku nzima, mbele ionyeshe uso wake.

Mwana_Ruashi — saa 4:26 asubuhi

Papa mukubwa anasema tumupe lutuku ingine, juu umeandika hapo juu kama pombe inazuia methanoli.

Munganga_wa_Zamu — saa 4:29 asubuhi

Msimpe. Ni kweli lopitali inaweza kutumia pombe safi kama dawa, kwa kipimo, huku inaangalia damu yake. Mukimupa ya dumu lilelile munamuongezea sumu. Tafuta gari, andika baadaye.

Mama_Sombe — saa 4:50 asubuhi

Mungu amulinde. Lakini lutuku ya mama wa kwetu, ile ya mahindi, tunaijua. Anaiwasha na kiberiti, ikiwaka bluu ni nzuri.

Munganga_wa_Zamu — saa 5:20 asubuhi

Mama, methanoli na yenyewe inawaka bluu. Zikichanganyika, jicho halitofautishi, wala pua. Mahindi yenyewe hayazai methanoli nyingi, hapo mama wa kwenu ana haki. Hatari kubwa ni kati yake na kilauri: mutu ananunua dumu, anaongeza pombe ya kiwandani juu iongezeke, anauza. Huyo mama hajui, na mnywaji hajui.

Leki_wa_Katuba — Jumapili iliyofuata, saa 8:15 mchana

Ninarudi na ripoti. Jana nilikula bukari kwanza, nikakunywa bia mbili tangu saa moja, na chupa ya maji katikati. Kwa hesabu ya Munganga nilimaliza saa tisa za usiku. Kichwa kilikuja saa mbili na nusu, kidogo, kikaondoka kabla ya misa kuisha. Pikipiki niliiacha nyumbani. Sijameza kitu.

Mwana_Ruashi, yaya anaendelea namna gani?

Mwana_Ruashi — saa 9:02 alasiri

Ametoka lopitali Ijumaa. Jicho la kuume linaona. La kushoto bado ni maziwa, wamesema tungoje. Wawili wengine wa matanga na wao walilazwa.

Papa_Kilauri — saa 9:30 alasiri

Pole, mutoto. Pole sana.

Munganga, umesema chupa ya bia ni masaa manne. Na kilauri cha lutuku, ni masaa ngapi?

Munganga_wa_Zamu — saa 10:10 jioni

Hiyo siwezi kuhesabu, Papa. Kwenye bia wameandika asilimia. Kwenye dumu hakuna mwenye ameandika kitu.